Naomba ushauri: nitoke kundi la ukoo au nilinyamazishe?

Asalaam aleikum ndugu zangu. Niko Kisauni, nafanya zamu ya usiku bandarini, kwa hivyo usingizi wangu ni mchana. Kundi letu la WhatsApp lilifunguliwa kwa harusi ya binamu yangu. Harusi ilishapita, sasa ni video na mabishano ya mpira tangu alfajiri.

Mwezi uliopita nililinyamazisha, nikachagua daima. Hakuna aliyejua, kwani wengine hawaonyeshwi. Lakini tangazo la maziko ya jirani yetu wa zamani likapita nimelala, sikuhudhuria. Khalati amenuna mpaka leo, na mimi pia imeniuma.

Nikitoka, wanaoarifiwa ni wasimamizi peke yao, ila yeyote akifungua orodha ya wanachama ataona waliotoka ndani ya siku 60. Na msimamizi ni ami yangu!

Nafikiria nibaki nimelinyamazisha, nimpigie ami nimweleze zamu zangu, kisha nimwombe anitaje kwa @ kukiwa na msiba. Ukitajwa hivyo, arifa hukufikia hata kama umenyamazisha. Mliowahi kumwambia mzee jambo kama hili, mlianzaje?