Nawaandikiaje wateja kuwa kazi imechelewa bila kujidhalilisha? Naombeni msaada, meseji natakiwa kutuma leo

Msasa_namba_mbili (mwenye uzi)

Wakuu habari zenu. Mimi ni fundi wa makabati, nina kazi ya jikoni ya mteja, milango 9, nilimuahidi nakuja kufunga Alhamisi hii. Leo Jumanne asubuhi nimeingia karakana nakuta rangi ya milango imejikunja yote kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Ukweli ni kosa langu, ni rangi ya mafuta na kopo limeandikwa usubiri masaa 16 kabla ya mkono wa pili, mimi nikapiga baada ya masaa matano hivi kwa sababu nilikuwa nakimbizana na muda. Inabidi nikwangue nianze upya.

Sasa nimeandika meseji hii nimeisoma naona aibu kuituma, ila sijui niirekebishe vipi:

> Habari za leo dada, samahani sana kwa usumbufu, naomba unisamehe na usinichukie, kutokana na changamoto zilizo nje ya uwezo wetu kumejitokeza ucheleweshaji kidogo kwenye kazi yako, hata mimi nimeumia sana sijalala, kijana wangu naye alikuwa anaumwa na hali ya hewa unaiona ilivyo, naomba univumilie kidogo tu tutakuletea hivi karibuni inshallah. Samahani sana tena na pole kwa usumbufu, Mungu akubariki.

Hajaniuliza chochote mpaka sasa hivi. Nisubiri aulize?

Kisiki_cha_mpingo

Mafundi nyie ni walewale. Mimi fundi alinizungusha miezi mitatu, kila siku "niko njiani boss", nikamnyang'anya kazi nikampa mwingine. Dai hela yako mapema ndugu, usimuonee huruma.

Msasa_namba_mbili

@Kisiki mkuu mimi ndo fundi 😅

Kisiki_cha_mpingo

Aah. Basi hayo ni ya kwako.

Tuma_tusonge

Kosa lako ni kuomba msamaha. Usiombe kabisa, ukiomba unamfundisha mteja kukukalia kichwani. Andika kifupi tu, "Asante kwa uvumilivu wako, kazi itakamilika wiki ijayo." Imeisha hiyo. Kampuni kubwa zote zinaandika hivyo.

Bi_Ratiba

Nimefanya kazi ya kusimamia oda za wateja miaka mingi, meseji kama hizi nimeandika mpaka vidole vikaota sugu, kwa hiyo nivumilieni nitaandika marefu.

Kwanza usisubiri aulize. Umejua asubuhi, mwambie leo kabla ya mchana. Akikuuliza Alhamisi asubuhi ndo ukasema, hasira yake haitakuwa ya rangi tena, itakuwa ya "kumbe ulijua tangu juzi ukanyamaza".

Pili, hesabu kwenye meseji yako. Umeomba msamaha mara tatu na pole juu yake, halafu tarehe hakuna hata moja. Hujasema kimechelewa nini, ni milango, ni jiko zima au ni wewe mwenyewe, wala hujasema mpaka lini. Yeye akimaliza kusoma anachokijua ni kwamba hujalala. Na hapo atalazimika akufariji wewe, "usijali fundi", wakati jiko lililochelewa ni lake.

Tatu, hayo "kumejitokeza", "changamoto zilizo nje ya uwezo". Kwa lugha hiyo hakuna mtu aliyefanya kitu, ucheleweshaji umejiotea wenyewe kama uyoga. Na siyo kweli, ilikuwa ndani ya uwezo wako. Kijana kuumwa ndo rangi ilijikunja? Hapana, basi mtoe. Ukiweka sababu tatu msomaji anajua zote ni za kutafuta.

Na neno "pole" kwa mtu uliyemuumiza wewe linakaa vibaya. Pole tunampa mtu aliyepatwa na jambo na sisi tumesimama pembeni. Ukimkanyaga mtu mguu ukamwambia pole tu, atakuangalia mara mbili. Hapa ni "samahani", mara moja, mahali pake.

@Tuma_tusonge una nusu ya haki, kujigalagaza hakusaidii. Ila kumshukuru kwa uvumilivu ambao hajautoa ni kumkopa bila ruhusa, yeye ndo kwanza anapata habari. Na kosa likiwa lako kweli ukaruka samahani inaonekana unamficha kitu.

Sasa @Msasa nijibu mambo mawili kabla hatujaandika. Maboksi yenyewe yako tayari? Na kuna mtu mwingine anaisubiri kazi yako, kama fundi wa sinki au wa graniti?

Msasa_namba_mbili

Maboksi yako tayari kabisa, yale hayana shida. Na ndio, fundi wa graniti anakuja Ijumaa kupima, hicho ndo kinaniumiza kichwa, ataniua.

Bi_Ratiba

Umeona sasa? Fundi wa graniti anapimia juu ya maboksi, milango haimhusu. Ukienda Alhamisi ukafunga maboksi ukayanyoosha na pimamaji, Ijumaa inabaki palepale. Kwa hiyo habari ya kweli siyo "kazi imechelewa", habari ni "milango imechelewa, vingine vyote viko kwenye siku yake". Ni meseji nyingine kabisa hiyo, na usingeiona kama ungekaa kupamba samahani.

Haya milango yenyewe itakuwa tayari lini, kwa hesabu siyo kwa matumaini?

Msasa_namba_mbili

Nilitaka kumwambia Jumatatu ili asikasirike sana.

Hesabu yenyewe iko hivi: Jumatano kukwangua na kupiga msasa, Alhamisi praima (kijana atapiga mimi nikiwa kwa mteja), Ijumaa mkono wa kwanza, Jumamosi wa pili, Jumapili na Jumatatu ikae ikomae nisije nikaiacha alama za vidole, Jumanne nafunga.

Bi_Ratiba

Kwa hesabu yako mwenyewe Jumatatu haipo, ulitaka kumpa tarehe ya kumpendeza leo halafu umuudhi mara ya pili. Mteja anasamehe kuahirishwa mara moja, ya pili ndo inaua. Na hiyo Jumanne inatimia kila kitu kikienda sawa, siku moja tu ikawa na unyevu rangi ikagoma kukauka umeshaharibikiwa. Sema Jumatano. Ukimaliza Jumanne mpigie, atafurahi.

Ningeandika hivi:

> Habari dada. Milango ya makabati haitakuwa tayari Alhamisi, nitaifunga Jumatano ya wiki ijayo saa tatu asubuhi. Nilipiga mkono wa pili wa rangi kabla wa kwanza haujakauka ikajikunja, ni kosa langu, samahani. Naikwangua yote na kuipaka upya, gharama ni yangu. Maboksi nakuja kuyafunga Alhamisi kama tulivyopanga, kwa hiyo fundi wa graniti anaweza kupima Ijumaa bila tatizo. Jumapili jioni nitakutumia picha ya milango. Kama Jumatano haikufai niambie siku inayokufaa baada ya hapo.

Kilichochelewa na tarehe mpya viko sentensi ya kwanza, kwa sababu wengi wanasoma kile kinachoonekana kwenye kioo cha simu kabla hawajafungua. Hiyo picha ya Jumapili ni muhimu kuliko unavyodhani, inamzuia asikae siku nane anajiuliza kama unafanya kitu au umelala. Ila ukiahidi picha tuma, hata kama siku hiyo huna la maana la kusema.

Dada_wa_somo

Mimi siyo fundi, nafundisha watu mmoja mmoja, ila yangu yalikuwa ya kubadilisha siku. Nilijikuta nimewapa watu wawili saa ileile Jumamosi, nikamuandikia mmoja "kutokana na sababu za kiufundi kipindi kimeahirishwa", akanijibu sababu gani za kiufundi wakati unanifundisha kwa mdomo 🤣 nilitamani ardhi ipasuke. Siku hizi naandika "Nimekosea kupanga, saa nne Jumamosi nimempa mtu mwingine kabla yako. Nina nafasi Jumamosi saa nane au Jumapili saa nne, chagua." Wanachagua tu wala hawalalamiki. Nikiwaandikia "tuangalie siku nyingine" wanapotea.

Tuma_tusonge

Sawa la tarehe nakubali. Ila kumwambia mteja ulikosea kupaka rangi ni kujichimbia kaburi, ataanza kukagua kila kona ya kazi yako. Mi ningesema "rangi haikutoka vizuri" basi.

Bi_Ratiba

Ataikagua, ni kweli, na hata usiposema ataikagua, milango mipya kila mtu anaipapasa. Lakini hapo sina ubishi mkubwa, kuna wateja ukiwapa maelezo ya rangi wanayageuza kesi. Kama ni mtu wa hivyo fupisha, "rangi niliipaka vibaya naipaka upya". Kisipotee tu kile kiambishi "ni". *Niliipaka*. Ukisema "haikutoka vizuri" rangi ndo imekuwa mkosaji.

Mzee_wa_bawaba

Vijana, jambo kama hili unapiga simu. Meseji ni ya nyuma ya simu, iweke tarehe kwenye maandishi. Mtu umemharibia mipango yake ya wiki halafu unamtumia maandishi kama tangazo la maji kukatika.

Na mmemtolea inshallah yake, mimi sijapenda. Kesho ni ya Mungu.

Bi_Ratiba

Simu naunga mkono mzee wangu, hasa kama mmezoeana naye. Inshallah mimi sina neno nayo, shida ni ilivyokaa, "hivi karibuni inshallah". Hiyo imeshatumika vibaya mpaka wateja wanaisikia kama "usinisubiri". Ikikaa nyuma ya "Jumatano saa tatu" mbona inapendeza.

Mzee_wa_bawaba

Hapo sawa.

Msasa_namba_mbili

Nimempigia hakupokea, nikatuma ile ya Bi Ratiba nimebadilisha maneno kidogo iwe ya kwangu, inshallah nimeiweka mwishoni mwa Jumatano kwa heshima ya mzee. Swali, nimtajie punguzo? Kidole kilikuwa kinawasha.

Bi_Ratiba

Usiweke kwenye meseji ya kwanza. Hujajua amepoteza nini. Akisema kuna gharama imemwangukia kwa sababu yako, mzungumzie hiyohiyo. Ukiwahi kutoa punguzo unamfundisha kuwa tatizo ni kubwa kuliko alivyodhani.

Dada_wa_somo

Hapa mimi natofautiana kidogo, kitu kidogo cha hiari huwa kinatuliza. Kufunga droo moja bure hivi.

Msasa_namba_mbili

Amejibu baada ya dakika ishirini. Nanukuu: "Sawa fundi. Alhamisi unakuja saa ngapi, na hiyo rangi mpya isiwe na harufu maana nina mtoto mchanga."

La harufu sikulifikiria kabisa. Rangi ya mafuta siku mbili baada ya mkono wa mwisho bado inanuka. Mzee wa bawaba uko hapo? Nikiiacha ikae karakana wazi siku ngapi ndo inapungua?

Mzee_wa_bawaba

Nipo. Siku mbili hazitoshi. Muulize kwanza kama anaweza kusubiri hadi mwisho wa wiki, na umuulize leo, usingoje Jumanne usiku.