Vali ya vipande viwili, mshipa 41 kisha 44: kweli unakua?

MtotoWaAmu: Asalam aleikum wadau. Nna miaka 26, niko Lamu, nashusha mizigo jeti, simiti na mabati. Mwezi wa pili nilipimwa afya ya kazi ya meli, daktari akasikia sauti si ya kawaida moyoni, nikapelekwa eko, kile kipimo cha picha ya moyo, Malindi. Kumbe nimezaliwa na vali ya vipande viwili badala ya vitatu, inavuja kidogo tu, ila mshipa mkubwa unaotoka moyoni umepanuka milimita 41. Juzi nimerudia Mombasa wameandika 44. Sijiskii chochote wallahi. Sasa milimita 3 kwa nusu mwaka, si nakwenda kupasuliwa? Mama hata chakula hali.

BiMwana_Shela: Pole mwanangu. Mie pia vali, nadungwa penisilini kila mwezi tangu nikiwa shule. Waulize mbona hawajakuanzishia.

Chande_Mld: Meza dawa ya presha, mshipa utarudi ulivyokuwa.

Kipimo_Msa: Bi Mwana, yako ni ya rumatiki, ilianzia kooni, ndo maana ya sindano. Yake ni ya kuzaliwa, sindano hiyo haimhusu. Na Chande, presha ikiwa juu lazima ishushwe, lakini mshipa ukishapanuka haurudi.

Mdogo wangu, nafanya eko kila siku. Angalia ripoti zako wamepima wapi. Pale karibu na vali au juu zaidi? Ni sehemu mbili tofauti, na hata sehemu ileile mtu mwengine akiweka alama ukingo wa nje badala ya wa ndani, unapata milimita mbili tatu za bure.

MtotoWaAmu: Ya Malindi imeandikwa karibu na vali, ya Mombasa juu.

Kipimo_Msa: Basi hizo namba hazilinganishwi. Omba picha zote mbili kwenye sidii, daktari mmoja azipime upya sehemu moja, halafu ufanye siti skani mara moja iwe ndo msingi wako, sababu eko haioni vizuri mshipa wote kule juu. Ikithibitika uko 44, utarudia kama kila mwaka. Mambo ya opereshini ya mshipa kwa kawaida huanza 55, au 50 kama kuna hatari nyengine, mfano kwenu mtu amepasukwa na mshipa, au unakua mbio. Ila maumivu makali ya ghafla kifuani au mgongoni kama kuchanwa, usingoje asubuhi, tafuta boti.

Chande_Mld: Na simiti je?

Kipimo_Msa: Hilo ndo linanitia wasiwasi. Mfuko wa kilo 50 unabana pumzi ukiunyanyua, presha inaruka sekunde ileile. Kutembea, kuogelea polepole sawa, hiyo mizigo isimamishe mpaka siti skani isomwe. Na wazazi na ndugu wa tumbo moja wapimwe eko, hii hutembea kwenye familia.

MtotoWaAmu: Ahsante sana. Mdogo wangu anabeba mizigo hapahapa jeti, ntampeleka. Mama ndo anakataa kabisa, asema hajaumwa. Na mimi nikiacha jeti sijui tutakula nini, kuna mtu anajua kazi ya kukaa huku Lamu?

BiMwana_Shela: Njoo inboksi mwanangu, shemeji yangu ana duka.