Fomu imerudi: wanataka kumbukumbu ya maji ya chini ya nyuzi 15

Swaleh, Glasgow

Asalaam aleikum jamaa wote wa Amu na Malindi mlioko huku.

Nimepata kazi ya msaidizi wa boti ya abiria ziwani. Cheti cha afya ya baharia, ENG1, ninacho, na mafunzo ya kujiokoa majini, PST, nimeshafanya. Juzi ofisi ya mwajiri imenirudishia fomu ya afya, ukurasa wa tatu. Wanataka niandike mara ngapi nimeingia maji ya chini ya nyuzi 15 katika miezi mitatu iliyopita, maji yalisoma ngapi na nilikaa dakika ngapi. Chini yake pana nafasi ya sahihi ya daktari. Niliandika kwamba nimeogelea bahari ya Lamu tangu utoto. Wamepiga mstari mwekundu juu yake.

Maji ya gatini leo asubuhi yamesoma 14. Naomba kuulizia mawili. Ukurasa huu nitaujaza vipi? Na sahihi, ni ya GP au ya yule daktari aliyenipa ENG1? GP anasema hiyo si kazi ya NHS, nilipie barua. Mwisho wa kurudisha ni tarehe 20.

Athman, Cardiff

Waaleikum salaam Swaleh. Usibabaike na nyuzi 14. Hatari inaanza chini ya 10. Maji baridi humuua mtu kwa kumshusha joto la mwili, na hilo huchukua nusu saa au zaidi, kwa hiyo dakika tano za kwanza hazina neno. Wewe ni mzamiaji wa kuvua kamba, pumzi yako ni ya dakika nzima. Ruka mara moja, usijivute mguu mmoja mmoja, ndivyo utakavyoumia zaidi. Andika "mara tano, nyuzi 14, dakika tano" uwarudishie.

Bi Khadija, Southampton

Athman, kaka yangu, la nusu saa umelisema sawa, lakini ushauri uliobaki unaweza kumzamisha kijana wa watu. Nafundisha mambo haya kwa mabaharia kila wiki, niruhusu nilinyooshe.

Mwili kupoa hadi ndani kweli huchukua nusu saa kwa mtu mzima, hata zaidi. Wengi wanaokufa huku hawafiki huko. Wanakufa katika dakika tatu za kwanza, na kinachowaua ni ngozi. Ngozi ikipozwa ghafla inatuma habari, na kifua kinavuta pumzi moja kubwa bila kumwomba mwenyewe ruhusa. Pumzi hiyo ni ya lita mbili hadi tatu. Ikikukuta kichwa kiko chini ya maji, umevuta maji. Baada yake unahema mfululizo, mapigo ya moyo yanapanda na presha inapanda. Kilele chake ni nusu dakika ya kwanza, halafu kunatulia taratibu, kwa wengi kabla ya dakika ya tatu.

Sasa nyuzi. Mshtuko huu unaanza kidogo maji yakiwa chini ya 25 hivi, na unafika kilele kati ya 15 na 10. Sikiliza vizuri hapo: nyuzi 14 zako zimo ndani ya kilele. Hii ndiyo sababu fomu inasema 15, na RNLI, waokoaji wa baharini wa huku, nao huhesabu maji ya chini ya 15 kuwa ni ya baridi. Bahari ya Lamu, hata kusi likivuma mwezi wa saba, inabaki 25 au karibu yake. Kwa hiyo mtu aliyeogelea Shela miaka ishirini hajawahi kuguswa na mshtuko huu hata siku moja. Mstari mwekundu ni wa haki, mwanangu, hata kama umekuuma.

Na pumzi ya mzamiaji haikusaidii hapa. Mtu anayejizuia dakika nzima katika maji ya nyuzi 28 anaweza kushindwa kufika sekunde kumi katika maji ya 14. Kifua hakimsikilizi.

Mama Nuru, Leicester

Khadija dadangu, ahsante kwa kulisema. Bwawa letu la saa ya wanawake limeshushwa kutoka 30 hadi 27 tangu baridi ianze, tumeandika barua na hatujibiwi. Magoti yangu yanakaza. Nami nina presha, nakunywa vidonge asubuhi. Basi hizo nyuzi 27 zaweza kuniletea mshtuko huo?

Bi Khadija, Southampton

Dada, hapana, kwa 27 utahisi baridi ukikaa bila kujisogeza, lakini si huu tunaouzungumzia. Mabwawa ya mashindano huwekwa kati ya 25 na 28. Ila ziwani na baharini huku usiingie kabla daktari anayekupa vidonge hajakujua unataka kuingia. Presha inayopanda ghafla juu ya presha iliyopo ndiyo inayotutia wasiwasi.

Na kwa kuwa tumeutaja moyo, hii ndiyo sababu namkataza Swaleh kuruka. Ngozi ya mwili ikipoa, moyo unaamriwa kwenda mbio. Uso ukizama na pumzi ikizuiwa, moyo unaamriwa kwenda pole. Amri mbili zinagongana, na mapigo yanaweza kuvurugika, hasa pale mtu anapoiachia pumzi aliyoizuia. Mwenye afya mara nyingi hajui hata kama limetokea. Mwenye kasoro ya moyo asiyoijua ndiye anayepotea. Basi uso unakuwa wa mwisho, baada ya pumzi kutulia.

Athman, Cardiff

Sawa, hilo la 15 sikulijua. Lakini basi kwa hesabu yako maji ya nyuzi 5 na ya 14 ni sawasawa? Hapo sikubali.

Bi Khadija, Southampton

Sikusema hivyo, Athman. Soma tena. Pumzi ile ya kwanza haizidi sana ukishuka kutoka 14 hadi 5, kwa sababu ilishafika kileleni. Kinachobadilika ni muda unaobaki na mikono yako. Mishipa na misuli ya mkono iko karibu na ngozi, inapoa kabla ya kifua. Kwenye maji ya baridi kali wenyewe huhesabu dakika moja ya kuituliza pumzi, dakika kumi za kazi yenye maana, na saa moja kabla fahamu hazijapotea. Hizo dakika kumi ndizo zinazorefuka katika 14 na kufupika katika 5.

Msaidizi wa boti aijue dalili yake kwa macho, kwa kuwa anayezama hapigi kelele. Vidole vinaachana na havikutani tena. Mpigo wa mkono unafupika huku ukiongezeka haraka. Miguu inashuka, mwili unasimama wima majini. Ukiona hayo usimrushie kamba umwambie ashike, hawezi kushika. Mfuate kwa kitanzi, na ukiweza mpandishe akiwa amelala, si wima. Anayenyanyuliwa wima baada ya kukaa majini kwa muda anaweza kuzimia, damu inashuka miguuni.

Nahodha Omar, Bergen

Wamesemwa watu, sasa nisemee maji. Swaleh, hiyo 14 umeipima wapi na vipi?

Nauliza kwa sababu ziwa halina joto moja. Wakati wa kiangazi jua linapasha tabaka la juu tu, na chini yake maji mazito ya baridi yanabaki yamelala. Loch Ness ukishuka sana unakuta nyuzi 5 au 6 mwaka mzima. Upepo ukivuma siku mbili kutoka upande wako kwenda ng'ambo, unalisukuma tabaka la moto hadi ng'ambo, na ya chini yanapanda kwenye gati lako. Jana 14, leo 10, na jua lile lile. Wageni wanaangalia jua, hawaangalii upepo wa jana.

Funga themomita kwenye kamba yenye risasi ya mshipi. Iteremshe sentimita 30, hesabu dakika mbili, pandisha usome upesi kabla upepo haujaipoza. Kisha mita moja, kisha mita tatu. Pima kivulini mwa gati, na usipime mahali mto unapoingilia. Andika tarakimu zote tatu pamoja na mwelekeo wa upepo. Msimamizi akiona hivyo atajua unajua unachokifanya.

Swaleh, Glasgow

Ahsante wazee. Nimepima kama alivyosema Nahodha: 14 juu, 13 mita moja, 9 mita tatu. Sikutarajia hiyo 9. Bi Khadija, sasa niingieje? Na shawa ya baridi nyumbani inahesabika?

Bi Khadija, Southampton

Umeona hiyo 9? Mtu akiruka kutoka gatini anaifikia kabla hajarudi juu.

Ingia mara sita, kila mara dakika tatu, kwa siku tofauti. Mara tano au sita hivi zinatosha kupunguza mshtuko kwa karibu nusu, na faida hukaa kwa miezi mingi. Vaa jaketi la kuokolea, mwenzio awe gatini na kamba mkononi. Shuka kwa ngazi hadi kiunoni, jimwagie shingo, kisha shuka hadi mabegani. Kichwa kibaki juu siku zote sita. Toa pumzi polepole kupitia mdomoni, usijaribu kuizuia. Usiogelee mpaka uweze kusema sentensi nzima bila kuikata. Ikikushinda, lala chali uelee, masikio ndani ya maji, mikono ikikusaidia kidogo. Mwenzio ahesabu pumzi zako katika dakika ya kwanza na kuziandika.

Ukitoka, vua nguo mbichi na uvae kavu mara moja. Mwili unaendelea kupoa kwa ndani dakika kadhaa baada ya kutoka, kwa hiyo usikimbilie shawa ya moto na usiendeshe gari mara hiyo.

Shawa inasaidia kidogo tu, maana haishiki ngozi yote kwa pamoja. Usiiandike kwenye fomu.

Mama Nuru, Leicester

Mmenikumbusha mashindano ya kuogelea ya Maulidi kule Lamu, vijana wanaruka gatini bila kufikiri wala kupima. Maji kama chai ya asubuhi.

Nahodha Omar, Bergen

Maji hayo hayo, bibie, sasa yana bandari. Mahakama Kuu iliamua 2018 wavuvi walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya ujenzi wa bandari hiyo ya mradi wa LAPSSET. Mimi nataka mtu aniambie wangapi wamelipwa kikamilifu.

Athman, Cardiff

Nahodha, hilo tulifungulie mazungumzo yake, tutagombana hapa. Swaleh ana tarehe yake.

Swaleh, Glasgow

Leo nimemaliza ya sita. Ya kwanza, nyuzi 14: pumzi 41 katika dakika ya kwanza, sentensi nzima ilipatikana baada ya sekunde 95. Ya tatu, nyuzi 13: pumzi 33. Ya nne upepo ulikuwa umegeuka, maji yalisoma 11, pumzi 35, vidole vilikufa ganzi nilipokuwa nafunga zipu. Ya sita, nyuzi 13: pumzi 24, sentensi baada ya sekunde 40. Nimeandika yote na kipimo cha mita tatu pembeni.

Zimebaki siku mbili. Sahihi bado sina. GP anataka malipo na miadi ya wiki ijayo, daktari wa ENG1 hajajibu simu. Kuna yeyote aliyewahi kuipeleka fomu ya namna hii kwa daktari wa ENG1 ikakubaliwa?

Mama Nuru, Leicester

Mwanangu, sijui la fomu. Vidole vimerudi?