Mrejesho: Kumwelekeza bodaboda Goba

Niliuliza: “Nyumba yetu ya Goba haina namba, nimwelekezeje bodaboda ili mzigo usirudishwe?”

Nawashukuru sana mlionijibu. Mizigo sasa inafika, na kilichosaidia zaidi ni kumtajia dereva upande anaotokea, kwa sababu kushoto kwa anayetoka Tangi Bovu ni kulia kwa anayetoka Mbezi Mwisho. Kabla hajaondoka namtumia ujumbe huu: “Ukitokea Tangi Bovu, acha lami kwenye transfoma, ingia kushoto, upite msikiti ulio kulia kwako, kisha simama geti la tatu, jeusi. Nipigie ukifika kwenye transfoma.” Kibanda cha chipsi sikitaji, kwani mchana hufungwa na wakati wowote chaweza kuhamishwa.

Simu ya kwenye transfoma ndiyo ninayoisisitiza: akikaa kimya kupita muda wa kawaida, najua huenda amepitiliza, nami humpigia kabla hajafika mbali. Pini ya ramani bado naituma, ingawa pekee haitoshi, maana huwaleta wengine nyuma ya nyumba, ng'ambo ya korongo lisilo na kivuko. Juu ya mzigo naomba iandikwe pia namba ya jirani, aliyeridhia kupokea nisipopatikana.