Nisaidieni kukaza barua ya kumnyima mteja mkopo bila kumvunjia heshima

Karani_wa_Tawi: Wakuu, kamati imekataa mkopo wa milioni 12 wa mwalimu wa shule ya msingi. Barua natoa mimi kesho. Nimeandika: "Tunasikitika sana kukujulisha kwamba kwa sasa hatutaweza kukupatia mkopo. Tunaomba uvumilivu wako." Meneja anasema imelegea mno. Nibadili nini?

Mnazi Mmoja: Andika "kwa mujibu wa sera za benki", funga bahasha. Ukitaja sababu umefungua mjadala.

Mama_Genge: Mimi waliniandikia hivyohivyo, nikazunguka miezi miwili. Kumbe kulikuwa na kideni cha simu nimekisahau. Wangesema, ningekilipa siku ileile.

Dawati_la_Mikopo: Nimekaa mikopo miaka tisa. Kinacholegeza ni "kwa sasa" na "uvumilivu". Mwalimu atasoma "subiri, zinakuja", Jumatatu yuko kaunta. Kakataliwa kwa nini?

Karani_wa_Tawi: Mshahara 900,000, makato yaliyopo 520,000. Rejesho letu lingekuwa 310,000.

Dawati_la_Mikopo: Basi theluthi, yaani 300,000, lazima ibaki. Nafasi yake ni 80,000 tu. Andika: "Ndugu Mwalimu, tunasikitika kwamba maombi yako ya mkopo wa shilingi 12,000,000 hayakukubaliwa. Rejesho la shilingi 310,000 kwa mwezi lingeacha mshahara wako chini ya theluthi moja. Makato yako yakipungua, unakaribishwa kuomba upya." Masikitiko mara moja yanatosha. Na ona, kilichokataliwa ni maombi, siyo yeye.

Karani_wa_Tawi: Nzuri, ila "kwa sasa" ningeiacha. Inapoza.

Mama_Genge: Mbona unaing'ang'ania hivyo? Huyo mwalimu ni nani kwako?

Karani_wa_Tawi: ...Alinifundisha darasa la nne. Wiki iliyopita alinipigia, nikamwambia imepita. Ametanguliza milioni moja ya kiwanja. Lakini nilijua kamati haitakataa, kila mtu angesema vile!

Kijiwe_Nongwa: Darasa la nne ulifundishwa kuandika barua, umesahau? 😂

Mnazi Mmoja: Hii chai. Barua za benki zinatoka kwenye mfumo, unajaza jina tu. Huyu anatunga.

Karani_wa_Tawi: Kwetu aya ya sababu tunaandika wenyewe. Usinifundishe kazi.

Mnazi Mmoja: Piga picha karatasi ya benki, ficha jina.

Mama_Genge: Afukuzwe kazi kwa ajili yako?

Dawati_la_Mikopo: Kuna benki za hivi na za vile. Chai au si chai, barua haiwezi kufuta maneno ya simu. Mpigie kabla hajaipokea, useme ulikosea wewe, awahi kuongea na mwenye kiwanja. Na meneja ajue mnafahamiana.

Karani_wa_Tawi: Meneja hapana. Kumpigia nitaona. Barua nimeshachapa, nimetumia maneno yako yote. Ila "kwa sasa" nimeirudisha, mstari wa kwanza.

Kijiwe_Nongwa: Jumatatu omba ruhusa ya ugonjwa.