Tupeane uzoefu: kugeuza vurugu za familia kuwa jedwali la ratiba ya siku ya harusi

Kalamu_Nyekundu
Wakuu, mnaoratibu harusi mara kwa mara, naomba njia mnazotumia. Maagizo ya familia huja kama haya, yakiwa yametumwa na watu sita tofauti:

"Mpambaji aje saa moja. Wasimamizi wanne wapambwe hapo hapo. Bibi harusi atoke mapema. Ndoa ni saa tano kamili. Vijana washughulikie maua. Baba mdogo asimamie magari, pia apokee wageni ukumbini. Picha za familia baada ya ndoa, ila bibi mzee asisimamishwe muda mrefu."

Mnaanzia wapi?

Mzee wa Ratiba
Anzia mwisho, urudi nyuma. Katika maagizo hayo saa isiyosogea ni moja tu: ndoa saa 5:00. Hizo nyingine ni matakwa ya watu, zinasogea.

Tuseme safari ni dakika 40, na bibi harusi afike dakika 20 kabla. Basi atoke nyumbani saa 4:00. Kabla ya hapo weka akiba ya robo saa. Kuvaa ni dakika 45, kwa hiyo aanze saa 3:00. Maana yake upambaji wote uwe umekwisha saa 3:00.

Sasa mpigie mpambaji umuulize anatumia dakika ngapi kwa mtu mmoja. Usikisie. Akisema bibi harusi 75 na msimamizi 40, jumlisha: 75, na 40 mara nne, ni dakika 235. Karibu saa nne. Akianza saa 1:00 kama familia ilivyoagiza, anamaliza saa 4:55. Zimebaki dakika tano ndoa ifungwe, na bibi harusi hajavaa wala hajapanda gari. Hapo ndipo harusi nyingi zinapochelewa. Foleni ya barabarani inasingiziwa tu.

Njia ni mbili: aanze saa 11:05 alfajiri, au aje na msaidizi. Msaidizi akichukua wasimamizi wote wanne ni dakika 160, kwa hiyo aanze saa 12:20. Mpambaji mkuu amchukue bibi harusi saa 1:30 hadi 2:45. Usimweke bibi harusi mwisho kabisa, kwa sababu kila dakika iliyopotea kwa waliomtangulia itamwangukia yeye.

Neema wa Hesabu
Mimi huweka safuwima mbili, dakika na saa ya kumaliza, halafu saa ya kuanza inajipiga yenyewe:

```
=C2-B2/1440
```

A ni saa ya kuanza, B ni dakika, C ni saa ya kumaliza. Siku nzima ina dakika 1440 na kompyuta huhesabu saa kama sehemu ya siku. Ukibadilisha safari kutoka 40 kuwa 55, safu zote zilizofungamana nayo zinasogea. Na kwa wazee wanaosoma saa za Kiswahili, toa saa sita tu:

```
=MOD(A2-6/24,1)
```

Mzee wa Ratiba
Ya kwanza ni sawa. Ya pili ina mtego, Neema. Ijaribu kwa 06:20. Itakupa 0:20, na hakuna anayesema saa sifuri na dakika ishirini. Kingine: mtu akipanga jedwali kwa kufuata saa za Kiswahili, 12:20 ya asubuhi inashuka chini ya 5:00, ratiba inakuwa kichwa chini miguu juu. Ndani ya faili fanya kazi kwa saa 24, kisha nakala ya kuchapa andika saa za Kiswahili kwa mkono, na neno lake: alfajiri, asubuhi, mchana, jioni.

Usichanganye mifumo miwili kwenye karatasi moja. Ukiandika "8:00" peke yake, dereva mmoja atafika saa mbili asubuhi na mwingine saa nane mchana, na wote wawili wamesoma sawasawa.

mama_wawili
Mimi nina jedwali la michango, majina na ahadi za kila mtu. Naweza kuongeza saa humo humo?

Kalamu_Nyekundu
Hapana dada, hilo ni la fedha. Ratiba inazunguka mikononi mwa madereva na wapambaji, usiwaonyeshe nani kaahidi nini.

Tito Ukumbini
Mimi nitazungumzia safuwima ya mhusika, maana huko ndiko kwenye balaa. "Vijana" si mhusika. "Kamati" si mhusika. Kila safu iwe na jina la mtu mmoja, namba yake ya simu, na jina la wa akiba. Ukiandika majina mawili, kila mmoja atadhani mwenzake ameshafanya.

Kisha panga jedwali kwa majina badala ya saa, usome safu za kila mtu mfululizo. Baba mdogo atajitokeza mara moja: saa 6:30 yuko na magari penye ndoa, saa 6:45 anapokea wageni ukumbini, na kati ya sehemu hizo kuna mwendo. Mwachie magari, mapokezi apewe mtu ambaye hahudhurii picha za familia. Angalia pia shangazi anayefunga gauni: mpe safu yake ya kuvaa kabla ya saa 3:00, la sivyo atamvalisha mwenzake huku yeye yuko na khanga.

Asubuhi hiyo kwenye karatasi inakuwa hivi:

| Saa (asubuhi) | Kazi | Mhusika | Wa akiba |
|---|---|---|---|
| 12:20–3:00 | Wasimamizi 4 kupambwa | Msaidizi wa mpambaji | Mpambaji |
| 1:30–2:45 | Bibi harusi kupambwa | Mpambaji | Msaidizi |
| 2:15 | Maua yafike nyumbani | Kaka mdogo | Binamu |
| 2:30–3:00 | Shangazi avae | Shangazi | – |
| 3:00–3:45 | Bibi harusi avae | Shangazi | Dada mkubwa |
| 3:45–4:00 | Akiba, usijaze kitu | – | – |
| 4:00 | Magari yatoke | Baba mdogo | Dereva wa kwanza |

Neema wa Hesabu
Akiba moja ya robo saa mbona ndogo? Ningeweka dakika tano tano kila safu.

Mzee wa Ratiba
Tano tano zinaliwa bila mtu kuona, kila mmoja anajua anazo. Iweke pamoja, kabla ya jambo lisilosogea. Lakini kwa ukubwa wake nakubali: mwendo ukiwa mrefu, robo saa haitoshi.

Tito Ukumbini
Picha: hesabu makundi, usiandike "picha za familia". Makundi 12 kwa dakika tatu kila moja ni 36, na hiyo ni kama kuna mtu anayewajua ndugu kwa sura, anayeita kundi linalofuata huku lililopo likipigwa. Mpiga picha hawajui. Makundi yote yenye bibi yawe ya mwanzo, mfululizo, akae kwenye kiti, akimaliza apelekwe kwenye gari.

Kalamu_Nyekundu
Na kuwaambia ndugu saa ya uongo, nusu saa mapema, ili wafike kwa wakati?

Tito Ukumbini
Mimi nafanya, kwa abiria wa magari peke yao.

Mzee wa Ratiba
Mimi sifanyi. Zikishakuwepo nakala mbili zenye saa tofauti, lazima zikutane mikononi mwa watu, na baada ya hapo hata saa ya kweli haiaminiki. Afadhali andika "kupanda gari 3:50, kuondoka 4:00", zote mbili za kweli.

Tito Ukumbini
Kwa ndugu zako labda. Ila juu ya karatasi andika "nakala ya 3" na tarehe, za zamani zikusanywe.