Muamala wa Bitcoin umekwama tangu jana: ningoje, ubadilishwe, au nilipie kuharakishwa?

FundiWaLangoni (Lamu), Jumanne saa 1:20 usiku
Assalam aleikum jamaa. Pesa yangu ya Bitcoin imekwama tangu jana adhuhuri, haijathibitishwa hata na bloku moja. Nasikia njia ni tatu: kungoja, kubadilisha muamala kwa ada kubwa zaidi, au kuwalipa watu wa kuharakisha. Ipi bora? Lori laondoka Mokowe kesho asubuhi, sina muda.

KijanaWaMaweni (Malindi), saa 1:31
Waaleikum salaam. RBF tu, ami, yaani kuubadilisha kwa ada kubwa zaidi. Fungua waleti, gusa muamala, bonyeza "Increase fee", ongeza ada, umemaliza. Mimi sipotezi wakati na hizo njia nyingine.

BiMkomani, saa 1:44
Kabla hamjamrusha mbio: fundi, wewe ndiye uliyetuma au uliyetumiwa? Watumia waleti gani? Na ada ilikuwa kiasi gani? Fungua mempool.space, bandika namba ya muamala, kisha tuambie kilichoandikwa mbele ya "Fee rate". Namba yenyewe usiibandike hapa. Na lori lina uhusiano gani na haya?

FundiWaLangoni, saa 2:05
Samahani Bi, ni haraka. Nimetumiwa. Nimeuza kasha la kuchonga kwa mgeni aliyekuwa Shela, satoshi 400,000, yaani Bitcoin 0.004, na lori ndilo la kulibeba mpaka Mombasa. Mgeni amepanda ndege Manda leo asubuhi na simu yake haipatikani. Waleti ni Electrum, iko kwenye kompyuta ya mwanangu. Ukurasa wasema 2 sat/vB, yaani satoshi 2 kwa kila vB ya ukubwa, na ukubwa wote ni 141 vB, na kuna kibandiko cha RBF. Wanaopita sasa wanalipa kama 18.

KijanaWaMaweni, saa 2:09
Basi si hicho, kibandiko cha RBF unacho! Bonyeza.

BiMkomani, saa 2:32
Hapana, mwanangu. Kibandiko hicho ni ruhusa ya aliyetuma. Muamala mpya lazima utiwe saini kwa ufunguo wa pesa zile zile za mgeni, na fundi hana ufunguo huo. Hata akitafuta "Increase fee" kwenye Electrum yake, hataiona kwa muamala huu.

Fundi, kwanza sikiliza la kasha. Anayeweza kuongeza ada anaweza pia kuzigeuza pesa zirudi kwake mwenyewe. Simsemi vibaya mgeni wako, lakini mpaka muamala huo uingie kwenye bloku, hujalipwa. Na muamala usio na kibandiko usikupumbaze siku nyingine: tangu toleo la 28 la Bitcoin Core, la mwaka 2024, nodi, yaani kompyuta za mtandao, kwa kawaida hukubali ubadilishaji hata pasipo kibandiko.

Njia iliyo mkononi mwako ni ile ya mtoto kumlipia mzazi. Zile 400,000 zinazokuja unazitumia kabla hazijafika: unajitumia mwenyewe kwenye anwani yako nyingine, kwa ada nono. Mchimbaji hawezi kuchukua ada ya mtoto bila kumwingiza mzazi kwanza, kwa hiyo huwapigia hesabu pamoja.

Hesabu yako ni hii. Mzazi ni 141, mtoto mwenye ingizo moja na tokeo moja ni kama 110, jumla 251. Ukitaka wote wawili wahesabiwe kwa 18, ada yao yote ni satoshi 4,518. Mgeni ameshalipa 282, umebakiwa na 4,236. Ukizigawa kwa 110 za mtoto peke yake utaona kama 38.5 sat/vB. Usishtuke, na usiishushe kuwa 18, kwa maana hapo wastani wa wote wawili utakuwa kama 9 na mtabaki pale pale. Kwenye Electrum bonyeza muamala kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Child pays for parent". Lakini angalia upya foleni inataka kiasi gani kabla ya kutuma.

Angeongeza ada mgeni mwenyewe mpaka 18, ingemgharimu 2,538 kwa jumla. Kwa hiyo mtafute tena.

NahodhaPate, saa 2:50
Mimi nasema ngoja. Baada ya saa 72 mtandao huutupa muamala na pesa humrudia mwenyewe, kisha atume upya. Mimi Aprili 2024, siku ile zawadi ya wachimbaji ilipokatwa nusu na ada zikapaa, nilingoja tu, nikapita.

BiMkomani, saa 3:02
Nahodha, saa 72 zilikuwa za matoleo ya zamani. Sasa kawaida ni saa 336, yaani siku 14, na kila nodi huhesabu kivyake. Tena hakuna pesa inayorudi, kwa kuwa haikuondoka. Nodi husahau muamala tu, na yeyote mwenye nakala anaweza kuutangaza tena. Kungoja si kosa, mwisho wa juma foleni mara nyingi hupungua. Ila lori halingoji.

MamaCasuarina (Malindi), saa 3:20
Naomba niseme kuhusu kulipia kuharakisha, maana yalinipata. Nina vyumba viwili vya kukodisha. Mgeni alinilipa, ikakwama hivi hivi siku tatu. Nikaandika kwenye kundi moja kuomba msaada, na kabla sijaweka simu chini kijana mmoja akaniandikia pembeni, kwa adabu sana, ananiita mama. Alisema ana jamaa wachimbaji. Akaniomba nimtumie kitu kidogo, nikatuma. Baada ya saa moja akasema bado, nimpe yale maneno 12 ya waleti ili "aunganishe". Nilikuwa nimechoka, binti yangu alikuwa hospitalini, nikampa. Asubuhi waleti ilikuwa tupu, hata akiba ya miaka miwili ya mwanangu aliye Doha. Ule muamala uliokwama ulithibitishwa siku ya pili, na zile nazo akazichukua mara ileile. Fundi, usimpe mtu maneno yako, hata akikuapia.

FundiWaLangoni, saa 3:27
Pole sana mama. Nimeshapata jumbe mbili za namna hiyo tangu nianze kuandika hapa.

BiMkomani, saa 3:35
Zifute. Huduma za kweli zipo. Zinawalipa wachimbaji pembeni, na hutaka namba ya muamala na malipo yao tu. Lakini wachimbaji wasiokuwemo hawajui kitu, kwa hiyo unangoja mpaka walio kwenye mpango wapate bloku. Nyingine za bure hutangaza upya muamala ule ule, na ada yake haibadiliki.

KijanaWaMaweni, saa 3:41
Kwa nini hukupokea kwa Lightning? Ingefika sekunde ile ile.

NahodhaPate, saa 3:48
Au M-Pesa. Kila mtu Amu anayo.

FundiWaLangoni, saa 3:50
Mgeni hana laini ya hapa, Nahodha. Lightning sijaijua bado.

FundiWaLangoni, saa 4:26
Mgeni amejibu! Yuko Nairobi, asema ataongeza ada akifika hotelini. Nifanye na ya mtoto pia, ili tuwe na uhakika?

BiMkomani, saa 4:30
La, usitume! Mtoto akishaingia, mgeni akibadilisha atalazimika kuzidi ada za mzazi na mtoto kwa pamoja. Badala ya 2,538 atahitaji zaidi ya 4,518, na mtoto wako atafutika. Chagueni mmoja. Mpe mpaka saa 6, na akibadilisha, omba namba mpya, kwa kuwa ile ya zamani haitafaa tena.

KijanaWaMaweni, saa 4:34
Mimi ningetuma mtoto sasa hivi. Satoshi 4,236 kwenye 400,000 ni kama moja kwa mia. Ahadi ya mgeni si bloku.

NahodhaPate, saa 4:41
Kasha ni la mbambakofi? Nina mteja Pate anatafuta.

FundiWaLangoni, saa 4:58
Mbambakofi, Nahodha, na misumari ya shaba. Nimemwambia wa lori kasha halipandi mpaka nimpigie. Asema mwisho wake saa 11 alfajiri. Bado ni 2 sat/vB.